Kiswahili cha Maskati: kwa nini wajukuu wanaelewa lakini hawajibu

Ukiingia katika nyumba ya Maskati ambayo wazee wake walizaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora, huenda ukasikia mazungumzo ya aina hii. Bibi anauliza kwa Kiswahili, mjukuu anajibu kwa Kiarabu, bibi anaendelea kwa Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu. Wote wawili wameelewana. Mgeni atasema kwamba hapa Kiswahili kiko salama, maana mtoto anaelewa kila neno. Anayejua namna lugha zinavyokatika ataona jambo jingine: katika nyumba hii Kiswahili kimebakiwa na msemaji mmoja, naye ni mzee.

Lugha ya wazazi hupungua katika jamii nyingi zinazoishi ugenini, kuanzia Wasomali wa Minnesota hadi Wakongo wa Brussels. Tumeichagua Oman kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kimeishi huko muda wa kutosha kuona vizazi vitatu, na sasa cha nne, katika nyumba zilezile. Ya pili ndiyo inayotuvutia zaidi. Nyingi ya familia hizi zimepoteza lugha mara mbili. Kwanza walikipoteza Kiarabu Afrika Mashariki, kisha wajukuu wao wakaanza kukipoteza Kiswahili Uarabuni. Mambo yaliyowatokea mara ya kwanza yanaeleza mengi kuhusu yanayotokea sasa.

Turudi nyuma kidogo. Sultani Said bin Sultan aliyahamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na baada yake Waomani waliendelea kuvuka bahari kwa zaidi ya miaka 100, wengine kama wafanyabiashara wakubwa, wengi kama watu wa kawaida waliokimbia ukame na ufukara. Waliosafiri wengi walikuwa wanaume. Walioa huku au waliweka masuria, na watoto wao walilelewa na mama na mayaya waliozungumza Kiswahili. Mayaya hao, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mara nyingi walikuwa watumwa. Baba alikuwa na Kiarabu chake, lakini baba alikuwa dukani, shambani au safarini. Mtoto aliamshwa, aliogeshwa, alilishwa, alibembelezwa na kukaripiwa kwa Kiswahili.

Matokeo yake ni kwamba kufikia karne ya 20 Waarabu wengi wa Unguja walioitwa Al-Harthy, Al-Barwani au Al-Riyami walikuwa na ukoo wa Kiarabu na lugha ya mama ya Kiswahili. Aliyetoka Oman karibuni aliitwa Mmanga, na miongoni mwa alama zake ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Kiarabu kilibaki katika Kurani, katika barua na katika hati za mali. Hakuna aliyekikataza. Hakikuwa tu lugha ya jikoni wala ya kitandani kwa mtoto, na lugha isiyokuwepo hapo haivuki kizazi cha pili ikiwa nzima.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwaua maelfu ya watu na kuwatawanya wengine. Waliokimbia hawakwenda Oman moja kwa moja wote, kwani Sultani Said bin Taimur hakuwa akifungua milango yake kwa urahisi. Wengi walipitia Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, Kuwait, Dubai au Uingereza. Mambo yalibadilika tarehe 23 Julai 1970, Qaboos bin Said alipochukua madaraka kutoka kwa baba yake na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Oman ya wakati huo ilikuwa na shule tatu tu. Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, walijua Kiingereza, na wanawake wao pia walikuwa wamezoea ofisi na darasa. Wakaingia katika wizara, hospitali, benki na kampuni ya mafuta. Wengine walifika kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, hao wakiwa na Kifaransa badala ya Kiingereza, na Kiswahili cha bara ambacho wenzao wa Unguja walikichekea kidogo.

Hapo ndipo walipogundua kwamba ukoo peke yake hautoshi. Wenyeji wao waliwaita Zinjibari, yaani watu wa Zanzibar, hata waliotoka Bujumbura. Kiarabu chao kilikuwa cha vitabuni au hakikuwepo kabisa, na herufi za kooni ziliwafichua kabla hawajamaliza sentensi. Mtu aliyekuwa Mwarabu mno kuweza kuishi Unguja baada ya 1964 aliambiwa Maskati kwamba si Mwarabu wa kutosha. Wazazi wengi walifanya uamuzi ambao hatuwezi kuwalaumu kwao: mtoto wangu hatachekwa kama nilivyochekwa mimi, basi azungumze Kiarabu.

Ili kuona uamuzi huo unafanya kazi gani ndani ya nyumba, tuchukue familia moja ya mfano. Si familia tunayoijua kwa jina. Tumeiunda ili hatua zionekane moja moja.

Bibi amezaliwa Unguja mwaka 1950 na amefika Maskati mwaka 1974 pamoja na mumewe. Binti yao wa kwanza anazaliwa mwaka 1978. Mpaka afike miaka sita binti huyu ana lugha moja, Kiswahili, kwa sababu mama, baba, shangazi na majirani wa mtaa wote wanakizungumza. Mwaka 1984 anaingia shule. Baada ya miezi michache ana Kiarabu cha uwanja wa michezo, na baada ya miaka miwili ana Kiarabu cha kusoma na kuandika, jambo ambalo kwa Kiswahili hatalipata kamwe. Hakuna shule inayomfundisha kukisoma.

Hapo nyumbani amezaliwa mdogo wake. Huyu hakuanza na hali ileile. Dada yake anamletea Kiarabu kutoka shuleni na kucheza naye kwa Kiarabu, kwa hiyo mtoto wa pili anakulia na lugha mbili tangu mwanzo. Anapozaliwa wa nne, watoto wenyewe kwa wenyewe hawazungumzi Kiswahili hata kidogo. Wazazi wanakitumia wanapozungumza nao, nao wanajibu kwa Kiarabu. Ndiyo maana katika familia za ugenini mara nyingi kifungua mimba ndiye anayeijua lugha ya wazazi kuliko wote, na kitinda mimba ndiye anayetaniwa kwa kutoijua. Si uvivu wa kitinda mimba. Nyumba aliyozaliwa yeye si ile aliyozaliwa dada yake, ingawa kuta ni zilezile.

Binti wa kwanza anaolewa na kijana wa kutoka Nizwa ambaye hana Kiswahili. Mtoto wao anazaliwa mwaka 2006. Mama anaweza kumsemesha mwanawe Kiswahili, lakini mezani yupo baba ambaye haelewi, na ni utovu wa adabu kuzungumza mbele ya mtu lugha asiyoijua. Kiswahili kinasogezwa mpaka wakati ambao baba hayupo, kisha mpaka nyumbani kwa bibi siku ya Ijumaa, kisha mpaka simu za bibi. Mtoto anasikia kiasi cha kuelewa. Hasikii kiasi cha kusema, na hana anayemlazimisha kusema.

Hapa kuna utafiti unaosaidia. Mtaalamu wa isimu Annick De Houwer alikusanya taarifa za karibu familia 1,900 huko Ubelgiji, katika eneo linalozungumza Kiholanzi, ambazo angalau mzazi mmoja alitumia lugha nyingine nyumbani, na akachapisha matokeo mwaka 2007. Pale ambapo wazazi wote wawili walitumia lugha ya asili, na si zaidi ya mmoja wao akiongeza lugha ya nchi, karibu watoto wote waliizungumza. Pale ambapo kila mzazi alishika lugha yake moja, kama robo tatu ya familia hizo zilikuwa na watoto wanaoizungumza. Lakini pale ambapo wazazi wote wawili walitumia lugha ya nchi na mmoja wao tu ndiye aliyeongeza ile nyingine, kiwango kilishuka hadi kama theluthi moja. Binti wa mfano wetu yuko katika kundi hili la mwisho. Anampenda mama yake na anakipenda Kiswahili, lakini hesabu ya saa inamshinda.

Sasa tuangalie kinachopotea ndani ya lugha yenyewe, maana haipotei yote kwa pamoja. Kwa mtoto wa Kiarabu kuna mtego ambao mtoto wa Kiswahili aliyekulia Norwe au Kanada hana. Maneno mengi anayasikia kama yake. Kitabu, sababu, hesabu, habari, rafiki, safari, wakati: yote yanamgonga sikioni kama Kiarabu kilichovaa nguo nyingine. Anadhani anakijua Kiswahili kuliko anavyokijua.

Kanga itatuonyesha jambo hilo vizuri. Kanga zipo Maskati, zinavaliwa nyumbani, zinatandikwa, zinafungiwa watoto, na bibi akitoka Unguja anarudi na gora. Chukua kanga yenye jina linalojulikana sana, Hasidi hana sababu. Mjukuu ataisoma kwa herufi za Kilatini alizojifunza katika Kiingereza. Hasidi anamjua, sababu anaijua. Kati yake kuna kineno kidogo, hana, na hicho ndicho hakijui. Ana maneno mawili kati ya matatu na hana maana, kwa sababu maana imekaa katika lile la tatu. Kiswahili kimefungwa kwa viungo vidogo vya namna hiyo: hana, sina, hajaja, asije, niliyemwona, tulipofika. Hivyo havikutoka Uarabuni, na ndivyo vinavyoanza kuanguka.

Na kanga yenyewe inapotea kwa namna ambayo haionekani dukani. Kitambaa kinauzwa na kinavaliwa kama zamani. Lakini Unguja mwanamke alichagua jina la kanga kwa kumtazama mtu: jirani, mke mwenza, wifi, au mume aliyechelewa kurudi. Alipita nayo mlangoni na ujumbe ukafika bila yeye kufungua mdomo. Hilo linahitaji mtaa mzima unaosoma fumbo na kuudhika nalo. Mjukuu anapovaa kanga kwa sababu rangi yake imempendeza, mila ya kuvaa imebaki na mila ya kusema kwa kanga imekwisha. Ukihesabu kanga katika kabati utasema utamaduni uko hai.

Baada ya viungo vya kitenzi hufuata ngeli. Mtu aliyekijua Kiswahili kwa kusikia tu mara nyingi huanza kuvipeleka vitu vyote katika mlango mmoja: kitabu yangu, viatu yangu, mti yetu. Anaeleweka, na bibi hasahihishi kwa sababu amefurahi kusikia Kiswahili. Kisha hupungua uwezo wa kukirefusha kitenzi. Mtoto anajua pika, lakini nipikie anaisikia tu, na pikiana hajawahi kuitamka. Kwa Kiswahili, habari ya nani amefanya nini kwa ajili ya nani imo ndani ya herufi hizo chache. Zikiondoka, mtu anabaki na orodha ya majina ya vitu.

Majina ya vitu ndiyo yanayodumu, na hasa ya chakula. Mandazi hayana hatari yoyote Oman. Yanauzwa mikahawani na huliwa kwa chai ya maziwa na watu ambao hawajawahi kuiona Zanzibar. Vitumbua, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka na mhogo wa nazi vinapikwa katika nyumba hizi, na mtoto wa kizazi cha tatu anavitaja vyote bila kosa. Chakula hakihitaji sarufi. Lakini sikiliza kilichoondoka jikoni pamoja na nazi nzima. Tui linatoka katika kopo au katika unga, kwa hiyo hakuna mbuzi ya kukunia, hakuna kifumbu, hakuna chicha, hakuna tui la kwanza na la pili, na hakuna anayemwambia mtoto, usikune mpaka kwenye kifuu. Sahani imevuka bahari. Vitenzi vilivyoizunguka, kukuna, kukamua, kuchuja, kuungulia, vimebaki ng'ambo, kwa sababu hakuna kazi ya kuvitumia.

Maneno ya ukoo yana habari ya kushangaza kidogo. Watoto wa Kiswahili wanaokulia katika Kiingereza hupoteza tofauti ya ami na mjomba, kwa sababu Kiingereza kinawaita wote kwa neno moja. Oman hilo halitokei: Kiarabu nacho kinamtenga ndugu wa baba na ndugu wa mama, na neno ami lenyewe linarudi tu kwao. Mtoto anabadilisha neno bila kupoteza mpaka. Kinachopotea ni wifi, ambaye kwa Kiarabu lazima umzunguke kwa kumwita dada wa mume, na hasa somo, yule mwanamke aliyemfunda msichana na kusimama naye siku ya harusi. Hina bado inapakwa, udi bado unafukizwa, na singo bado inasuguliwa katika nyumba kadhaa. Maneno ya somo, ambayo yalikuwa ndiyo kazi yenyewe, yalikuwa kwa Kiswahili cha ndani, chenye mafumbo na mizaha ya kike, na bibi harusi asiyekielewa hawezi kufundwa kwacho. Somo akitafsiri, haya inamzidi.

Salamu nazo zinagawanyika. Subalkheri na masalkheri, ambazo Unguja zilikuwa Kiswahili, zinarudi katika Kiarabu bila mtu kuona. Shikamoo haina pa kurudi. Kiarabu hakina salamu ambayo mdogo peke yake huianza na mkubwa peke yake huipokea. Heshima yenyewe haijapotea, kwa kuwa mtoto wa Oman anambusu bibi yake kichwani au mkononi. Imehama kutoka mdomoni kwenda mwilini. Sisi hatuoni hilo kuwa hasara kubwa, ingawa wazee wengi hawatakubaliana nasi.

Kuna hasara nyingine ambayo ni nzito zaidi, na haihusu neno fulani. Bibi wa mfano wetu anapoona mjukuu hajibu kwa Kiswahili, mara nyingi anamhurumia na kuhamia yeye kwenye Kiarabu. Lakini Kiarabu chake alikijifunza sokoni na kwa majirani akiwa mtu mzima. Kinamtosha kuuliza: umekula, umesoma, umelala, baba yako yuko wapi. Hakimtoshi kueleza usiku walioondoka Unguja, nani alibaki, nani aliwaficha, kwa nini dada yake haongelewi. Mjukuu anakua akimwona bibi kama mtu mwenye maneno machache na moyo mwema. Katika Kiswahili, bibi huyuhuyu ni mchekeshaji na mkali wa kujibu.

Uzeeni hali hii inaweza kukaza. Hutokea kwa watu wenye lugha mbili wanaopatwa na maradhi ya kusahau kwamba lugha waliyojifunza ukubwani inafifia mapema, na ile ya utotoni inabaki. Bibi anaanza kujibu kwa Kiswahili peke yake, akimuuliza muuguzi na mjukuu maswali ambayo hawawezi kuyajibu. Familia isipoelewa kinachotokea, hudhani amechanganyikiwa kuliko alivyo. Kumbe anazungumza maneno yenye maana, ila hapana chumbani mtu wa kuyapokea.

Je, kuna nyumba ambazo Kiswahili kimerudi? Zipo, na njia mojawapo haitajwi sana kwa sababu haipendezi. Wanawake wengi kutoka Tanzania wanafanya kazi za nyumbani Oman, na katika nyumba zenye asili ya Zanzibar huajiriwa kwa sababu, pamoja na mengine, wanazungumza na bibi. Mtoto anapata msemaji wa Kiswahili kwa saa nyingi kwa siku, kama mababu zake walivyopata yaya. Lugha inashikika kweli kwa njia hiyo. Lakini mtoto anayesikia wakubwa wakimtumia yaya kwa amri, lete, funga, ondoa, atachukua hasa amri. Atakosa naomba, samahani na ahsante dada, na atajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya kumsemesha mtu wa chini. Mazingira ya kazi yenyewe ni mabaya katika nyumba nyingi: shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza kunyang'anywa pasipoti, saa nyingi za kazi na mishahara isiyolipwa. Lugha iliyopokelewa katika hali hiyo inakuja na mzigo wake.

Njia nyingine ni ya wazazi na bibi wenyewe, nayo inategemea jambo dogo: unafanya nini mtoto anapojibu kwa lugha nyingine. Mtaalamu Elizabeth Lanza, aliyefanya utafiti wake Norwe kwa watoto wa lugha mbili, alizipanga hatua za mzazi kuanzia kujifanya hakuelewa, kuuliza kama ndivyo mtoto alivyotaka kusema, kurudia maneno ya mtoto kwa lugha inayotakiwa, kuendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kitu, hadi mzazi mwenyewe kuhamia lugha ya mtoto. Kadiri unavyoshuka katika ngazi hiyo ndivyo mtoto anavyojifunza kwamba si lazima ajibu kwa lugha yako.

Tuifanye kwa mfano. Mtoto wa miaka mitatu anasema, "Bibi, mai." Bibi akimpa maji tu, mazungumzo yamekwisha na mtoto ameshinda. Akisema, "Aa, maji," amemsikilizisha neno lakini hajamwomba kitu. Akisema, "Wataka nini? Wataka nikupe maji?" na kungoja kidogo na bilauri mkononi, mtoto ana sababu ya kusema nipe. Kumbuka kwamba neno analolihitaji hapo ni nipe, kwa sababu maji ameshayakaribia kwa Kiarabu chake. Bibi hakasiriki, wala hamfanyi mtoto alie kwa kiu. Anangoja tu sekunde tatu nne zaidi ya alivyozoea. Kwa mtoto wa miaka 12 hila hii haifai tena. Huyo anajua fika kwamba bibi anaelewa Kiarabu, na ataona anachezewa.

Kwa mtoto mkubwa kuna kipimo cha kujua amesimama wapi. Mpe ujumbe wa kupeleka: "Kamwambie babu asitoke kabla mgeni hajafika." Akienda akaufikisha kwa Kiarabu barabara, kuelewa kwake ni kuzima na kusema kwake kumelala. Akiufikisha kwa Kiswahili lakini ukawa "babu, hapana toka, mgeni hapana kuja", kusema kupo na viungo vimeanguka. Hali hizo mbili hazitibiwi kwa namna moja. Wa kwanza anahitaji mtu ambaye hana Kiarabu, wa pili anahitaji kusahihishwa kwa upole na kusomewa.

Mtu asiye na Kiarabu yuko Unguja. Binamu wa rika lake, likizo ya kiangazi Oman inapochoma na Zanzibar ni kipupwe, anaweza kufanya katika wiki nne kazi ambayo bibi hakuiweza kwa miaka. Mpira hauchezwi kwa kuelewa tu. Hatari iko siku mbili za mwanzo: binamu wakicheka kitabu yangu, mtoto hunyamaza likizo nzima na kurudi na Kiswahili kilekile alichoondoka nacho. Mzazi mwenye busara huzungumza na wale binamu kabla ya ndege kutua. Na mafanikio hayo hufifia baada ya miezi michache yasipopata simu za mara kwa mara na binamu haohao.

Redio, vitabu na madarasa vina kazi gani? Joshua Fishman, aliyeandika mwaka 1991 kitabu kilichoongoza fikra za wengi kuhusu kurudisha lugha zinazofifia, alishikilia kwamba vyombo vya habari na shule haviwezi kuziba pengo la nyumbani. Sisi wa redio hatufurahii kuyasikia hayo, lakini tunadhani ana haki: redio inamsemesha mtoto na haingoji ajibu. Faida yake ipo mahali pengine. Oman ina watu wazito wanaotoka katika historia hii. Mufti Mkuu wa nchi tangu 1975, Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, amezaliwa Zanzibar. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyewahi kuwa waziri Zanzibar kabla ya mapinduzi, aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili na kuishia maisha yake Ghuba. Kijana anayejua hayo haoni tena kwamba lugha ya bibi ni aibu ya kufichwa mbele ya wenzake wa shule, na hilo linaweza kumfanya ajibu.

Waliokwisha kuwa watu wazima bila kusema nao hawajaanza na mikono mitupu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2002 kwamba watu wazima waliokulia wakisikia Kihispania bila kukizungumza, walipojifunza darasani, walikuwa na matamshi yaliyokaribia ya wenyewe kuliko wanafunzi wengine. Katika sarufi hawakuwa na faida hiyo. Mjukuu wa Maskati akijiandikisha katika darasa la Kiswahili akiwa na miaka 25, atatamka ng'ombe vizuri siku ya kwanza, wakati mgeni wa Ulaya aliyekaa karibu naye anahangaika na herufi hiyo wiki nzima. Kusema ng'ombe wangu badala ya ng'ombe yangu, hapo watajifunza pamoja.